Gololi Mbili Kutoka Mfuko Mmoja

Weka gololi 8 katika mfuko wa kitambaa kizito usioonyesha ndani: 5 nyekundu na 3 za buluu. Ziwe za ukubwa mmoja, ili vidole visiweze kubagua. Tikisa mfuko, ingiza mkono bila kuchungulia, toa gololi moja na uiweke mezani. Usiirudishe. Ingiza mkono tena, toa ya pili. Je, zipi zina nafasi kubwa zaidi: gololi mbili za rangi moja, au gololi mbili za rangi tofauti?

Anayelisikia swali hili kwa mara ya kwanza huvutwa kujibu kwamba zitakuwa za rangi moja. Hoja yake si ya kupuuza. Nyekundu ni nyingi, kwa hiyo nyekundu mbili mfululizo ni jambo la kutarajiwa, na juu ya hapo ipo nafasi ya kupata buluu mbili. Hata hivyo jibu hilo si sahihi. Limekosea kwa kiasi kidogo mno, na kwa kuwaza kichwani tu ni vigumu kuligundua kosa lenyewe. Kalamu, karatasi na mchoro wa mti vinatosha kulifichua.

Anza kwa kuweka nukta upande wa kushoto wa karatasi. Nukta hiyo ni mfuko kabla haujaguswa, na kando yake andika kilichomo: N 5, B 3. Kutoka kwenye nukta chora mistari miwili inayotawanyika kuelekea kulia. Mmoja uishie kwenye herufi N, maana yake gololi ya kwanza imekuwa nyekundu, na mwingine uishie kwenye B. Juu ya kila tawi andika uwezekano wake. Gololi zote ni 8 na nyekundu ni 5, kwa hiyo tawi la N linapata 5/8, na tawi la B linapata 3/8. Ukizijumlisha unapata 8/8, yaani 1 kamili, kwa sababu lazima itoke rangi mojawapo.

Sasa simama kwenye ncha ya tawi la N. Hapa panataka utulivu. Kabla hujaandika namba yoyote, jiulize mfuko una nini kwa wakati huu. Nyekundu moja iko mezani, kwa hiyo ndani zimebaki nyekundu 4 na buluu 3, jumla 7. Andika N 4, B 3 pale kwenye ncha, kisha chora matawi mawili mapya: 4/7 kwenda nyekundu, 3/7 kwenda buluu. Rudi ukasimame kwenye ncha ya B. Huu ni mfuko mwingine kabisa. Iliyotoka ni buluu, kwa hiyo nyekundu zote 5 bado zimo na buluu zimebaki 2. Matawi yake ni 5/7 na 2/7.

```
                     4/7 --- N   20/56
      5/8 --- N ---<
     /   (N4, B3)    3/7 --- B   15/56
(N5, B3)
     \   (N5, B2)    5/7 --- N   15/56
      3/8 --- B ---<
                     2/7 --- B    6/56
```

Kuandika yaliyomo mfukoni kwenye kila ncha ni desturi ambayo vitabu vingi vya shule huiruka, na mimi nadhani ndiyo desturi yenye faida kuliko zote katika kazi hii. Sehemu zinazoandikwa juu ya matawi ya pili hazitokani na kanuni ya kukariri. Zinasomwa kutoka kwenye mfuko kama ulivyo wakati huo, na mfuko huo umeshabadilika kulingana na njia uliyopita.

Namba za upande wa kulia kabisa zinatokana na kuzidisha kufuata matawi: 5/8 mara 4/7 ni 20/56, na kadhalika kwa njia nyingine tatu. Mwanafunzi huambiwa azidishe, naye huzidisha. Lakini kwa nini tuzidishe, tusijumlishe? Fikiria watu 56, kila mmoja na mfuko wake wenye gololi zilezile 8. Wote wanatoa gololi ya kwanza. Kwa kuwa tano kati ya kila nane ni nyekundu, tunatarajia watu 35 hivi wawe na nyekundu mkononi na 21 wawe na buluu. Tuwaache hao 21 na tubaki na wale 35. Kila mmoja wao sasa ana mfuko wenye nyekundu 4 kati ya 7, kwa hiyo anapotoa ya pili tunatarajia nne kati ya kila saba ya watu hao wapate nyekundu tena. Nne kati ya saba ya 35 ni 20. Watu 20 kati ya 56 wana nyekundu mbili, na hiyo ndiyo 20/56. Tulichokifanya ni kuchukua sehemu ya watu, kisha sehemu ya sehemu hiyo, na kuchukua sehemu ya sehemu ndiko kuzidisha kwenyewe.

Anayeona kwamba maneno “tunatarajia” na “hivi” yana ulegevu anaweza kuhesabu kwa ukamilifu. Zipe gololi namba, 1 hadi 8. Ya kwanza inaweza kuwa yoyote kati ya 8, na kwa kila moja ya hizo, ya pili inaweza kuwa yoyote kati ya 7 zilizobaki. Hizo ni jozi 56, zenye mpangilio wa ya kwanza na ya pili, na mfuko uliotikiswa vizuri hauna upendeleo kwa jozi yoyote. Jozi za nyekundu tupu ni ngapi? Nyekundu ya kwanza ni chaguo kati ya 5, ya pili kati ya 4, jumla 20. Tumerudi palepale bila kukadiria chochote.

Kuzidisha kunafanyika ndani ya njia moja. Tukitaka kuunganisha njia mbalimbali, hapo ndipo tunajumlisha. Rangi moja ina njia mbili, nyekundu na nyekundu au buluu na buluu: 20/56 na 6/56, jumla 26/56. Rangi tofauti nayo ina njia mbili, nyekundu kisha buluu au buluu kisha nyekundu: 15/56 na 15/56, jumla 30/56. Kwa asilimia ni kama 46 kwa 54. Rangi tofauti inashinda.

Kinachovutia ni kwamba yule aliyejibu haraka angekuwa sahihi iwapo gololi ya kwanza ingerudishwa mfukoni. Ikirudishwa, matawi ya pili yanafanana na ya kwanza, 5/8 na 3/8, na mazao yake ni 25/64, 15/64, 15/64 na 9/64. Rangi moja inapata 34/64, yaani asilimia 53, na rangi tofauti 30/64. Gololi moja kubaki mezani kumetosha kugeuza jibu. Sababu yake ni kwamba kila rangi inapotoka inajipunguzia yenyewe nafasi ya kutoka tena na kuiongezea nafasi nyingine. Ukitaka kuiona nguvu hiyo ikiwa wazi kabisa, chukua mfuko wenye nyekundu 1 na buluu 1 tu. Bila kurudisha, rangi moja mara mbili haiwezekani hata kidogo. Kwa kurudisha, inatokea nusu ya mara zote.

Je, kuna mfuko ambao bila kurudisha unatoa nusu kwa nusu? Upo, na hauko mbali na huu wetu. Ongeza nyekundu moja na kutoa hakuna: nyekundu 6, buluu 3. Nyekundu mbili ni 6/9 mara 5/8, yaani 30/72, na buluu mbili ni 3/9 mara 2/8, yaani 6/72. Jumla ni 36/72, nusu kamili. Hali hiyo inatokea pale tu tofauti ya idadi za rangi mbili, ikizidishwa kwa yenyewe, inapolingana na jumla ya gololi zote. Hapa tofauti ni 3, na 3 mara 3 ni 9. Mifuko ya namna hiyo ni 1 na 3, 3 na 6, 6 na 10, 10 na 15, na inaendelea bila kikomo. Msomaji mwenye subira aujaribu ule wa 10 na 15, atakuta 300/600.

Turudi kwenye mchoro wetu wa gololi 8, kwa sababu makosa yake yana tabia ya kujificha, na kila moja linahitaji njia yake ya kulinasa.

Kosa linaloonekana kwa urahisi ni kusahau kupunguza namba ya chini. Mtu anaandika 4/8 na 3/8 kwenye matawi ya pili. Jumla yake ni 7/8, na matawi yanayotoka kwenye ncha moja hayaruhusiwi kutoa chini ya 1. Umeshalikamata. Vivyo hivyo kwa anayejumlisha kufuata matawi badala ya kuzidisha: 5/8 na 4/7 zikijumlishwa zinatoa 67/56, na hakuna tukio lenye uwezekano unaozidi 1. Tena, kwenda mbele kwenye njia hupunguza uwezekano, hauongezeki. Ikiwa jibu la mwisho wa njia ni kubwa kuliko tawi la kwanza la njia hiyo, kuna mahali pamekosewa.

Kosa baya ni lile linalopita ukaguzi huo. Mtu anapunguza namba ya chini vizuri, lakini kwenye ncha ya B ananakili matawi ya ncha ya N: 4/7 na 3/7. Jumla yake ni 1. Anazidisha na kupata 12/56 na 9/56, na ukijumlisha mazao yote manne, 20, 15, 12 na 9, unapata 56 barabara. Kila kitu kinaonekana salama, na bado mchoro ni mbovu, kwa sababu umepunguza nyekundu ilhali iliyotoka ni buluu. Ukaguzi wa jumla kuwa 1 hauwezi kuliona kosa hili. Unahitajika mwingine: katika kutoa mara mbili bila kurudisha, N kisha B lazima iwe sawa na B kisha N. Juu ya mstari ya kwanza ni 5 mara 3 na ya pili ni 3 mara 5, na chini zote ni 8 mara 7. Kwenye mchoro sahihi tuna 15 na 15. Kwenye mbovu tuna 15 na 12, na hapo kosa limeanikwa.

Ukaguzi huo unakuwa mwepesi zaidi usipoharakia kurahisisha sehemu. 20/56 ni sawa na 5/14, na 6/56 ni sawa na 3/28, lakini ukiziandika hivyo unapoteza asili ya pamoja iliyokuwa ikikuonyesha kwamba 20, 15, 15 na 6 zinakamilisha 56. Acha 56 ibaki hadi swali liishe, kisha rahisisha jibu la mwisho peke yake.

Na liko kosa la kusoma swali. “Moja nyekundu na moja buluu” ina njia mbili kwenye mti, wala si moja, hata kama aliyeuliza ametaja nyekundu kwanza. Anayejibu 15/56 ametoa nusu ya jibu. Jambo hilo halibadiliki hata mtu akitoa gololi zote mbili kwa mpigo: mkono haujarudisha chochote, kwa hiyo mti ni uleule, na moja ya kila rangi inabaki 30/56. Swali la “angalau moja nyekundu” nalo lina njia tatu, lakini ni rahisi kuondoa ile isiyotakiwa: 1 toa 6/56, yaani 50/56.

Mti huu una jibu lingine ambalo wengi hawalitarajii. Gololi ya pili ina uwezekano gani wa kuwa nyekundu, ikiwa ya kwanza hatujaonyeshwa? Njia zinazoishia kwenye N ni mbili, 20/56 na 15/56, jumla 35/56. Rahisisha: 5/8. Ni uwezekano uleule wa gololi ya kwanza. Ingawa mfuko umebadilika katikati, hatujui umebadilika kuelekea upande gani, na mabadiliko ya pande mbili yanafidiana kikamilifu.

Hili lina maana kwenye upatu, pale wanachama wanapopanga zamu kwa kuokota vikaratasi vilivyokunjwa. Sema wako 8, na kikaratasi kimoja kimeandikwa namba 1, zamu ambayo kila mtu anaitaka. Wapo wanaosukumana waokote mwanzo, wakihofia kwamba namba nzuri itawahiwa. Aokotaye wa kwanza ana 1/8. Aokotaye wa pili anaipata iwapo wa kwanza ameikosa, kisha yeye akaiokota kati ya 7 zilizobaki: 7/8 mara 1/7, yaani 7/56, ambayo ni 1/8. Wote wana nafasi moja. Kuna sharti moja tu, kwamba vikaratasi visifunguliwe hadi kila mtu aokote. Wa kwanza akifungua chake mbele ya watu, wa pili anakuwa ameshajua amesimama kwenye tawi lipi, na uwezekano wake ni 0 au 1/7, si 1/8 tena.

Maneno “bila kurudisha” yamewahi kuwachanganya watu waliobobea. Mwaka 1657 Christiaan Huygens, mwanasayansi wa Uholanzi, alichapisha kitabu kifupi kwa Kilatini kuhusu hesabu za michezo ya bahati, na mwishoni akaweka maswali matano kwa wasomaji. Katika la pili, wachezaji watatu wanatoa vipande kutoka kwenye vipande 12, vyeupe 4 na vyeusi 8, wakiwa wamefumba macho. Anaanza wa kwanza, anafuata wa pili, kisha wa tatu, halafu wa kwanza tena, na anayetangulia kupata cheupe ameshinda. Nafasi zao zinahusiana vipi? Swali halikusema kama kipande cheusi kinarudishwa.

Mwaka 1665 Huygens na Johannes Hudde, ambaye baadaye alikuwa meya wa Amsterdam, waliandikiana barua kuhusu swali hilo na wakakuta majibu yao hayakubaliani. Huygens alikuwa amehesabu kwa kurudisha, Hudde bila kurudisha. Ukichora matawi mawili ya mwanzo unaona mahali walipoachana. Mchezaji wa pili anashinda katika zamu yake ya kwanza ikiwa wa kwanza ametoa cheusi, 8/12, naye akatoa cheupe. Kwa Huygens tawi hilo la pili ni 4/12, na zao ni 32/144, kama asilimia 22. Kwa Hudde vipande vimebaki 11 na vyeupe vyote 4 bado vimo, kwa hiyo tawi ni 4/11, na zao ni 32/132, asilimia 24 na ushei. Ukiufuata mchezo hadi mwisho, nafasi za wachezaji watatu kwa kurudisha ni kama 9 kwa 6 kwa 4, na bila kurudisha ni 77 kwa 53 kwa 35. Hesabu za wote wawili zilisimama juu ya msingi sahihi, ila kila mmoja alikuwa ameshika mfuko wake. Jakob Bernoulli, katika kitabu kilichotoka mwaka 1713 baada ya kifo chake, alilitatua swali hilo kwa namna zote mbili, akaongeza ya tatu ambamo kila mchezaji ana vipande 12 vyake mwenyewe.

Tofauti kati ya kurudisha na kutorudisha haina uzito uleule katika kila mfuko. Katika mfuko wa gololi 8, nyekundu mbili zina 20/56, kama asilimia 35.7, bila kurudisha, na 25/64, kama asilimia 39.1, kwa kurudisha. Chukua sasa gololi 8,000, nyekundu 5,000. Tawi la kwanza bado ni 5/8. Tawi la pili bila kurudisha ni 4,999/7,999, na zao la matawi hayo mawili ni takriban 0.39060, wakati kwa kurudisha ni 0.39063. Ndiyo maana mtu anayechunguza wakazi wachache kati ya maelfu ya mji mzima hufanya hesabu zake kana kwamba kila aliyehojiwa amerudishwa kwenye mfuko, ingawa hakurudishwa, na hesabu zake hazidhuriki. Akihoji nusu ya wakazi wa kijiji cha kaya 40 hana ruhusa hiyo tena. Hapo kila kaya inayotoka inaubadilisha mfuko kwa kiasi kinachoonekana, na kila tawi linalofuata lazima lisomwe upya.